Hiyo to baada ya can

Jamani habari za jioni, ile sentensi ya leo she can to swim toeni to, inabaki she can swim. Najua inakotoka, sisi tunasema anaweza kuogelea kwa hiyo ile ku- tunaigeuza to, lakini can, must, should, will, may zinataka kitenzi kikavu, hata s haiwekwi, so she can swims nayo hapana.

Mkiwa na mashaka geuzeni iwe swali: Can she swim? can yenyewe imeruka mbele. Want haiwezi, inaomba does, Does she want to swim? ndo maana inabaki na to. Ought ndo mkaidi, she ought to swim ni sahihi.