Kishoka Akija Wodini na Maandazi: Jinsi Fidia ya Ajali Inavyoliwa Kabla Mguu Haujapona

Jamani wateja wetu wa Tanga, hii naiandika nikiwa na uchungu, kwa sababu mwezi huu peke yake wamekuja watu watatu hapa ofisini Ngamiani na hadithi inafanana kabisa, ajali, mtu asiyemjua kamfuata wodini, "nakuharakishia malipo ya bima", kasaini, alafu kimya. Sisi ni mawakala wa bima, kazi yetu kubwa ni kukata bima za magari na pikipiki, lakini mteja au ndugu yake akipata ajali huwa tunamsaidia kupanga makaratasi yake bila kumchaji. Kwa hiyo haya mambo tunayaona kwa karibu sana.

Nianze na mama mmoja wa Makorora, jina lake silitaji. Anauza mihogo na kachori. Alikuwa kapanda bodaboda anatoka Pongwe anarudi mjini, haisi ikataka kuipita boda ikawagonga kwa ubavu. Dereva wa boda alichubuka tu, mama akavunjika mfupa wa ugoko mguu wa kulia, akawekewa chuma. Siku ya tatu akiwa kitandani akaja kijana na faili mkononi, shati limepigwa pasi, kabeba juisi na maandazi. "Shikamoo mama, pole sana, mi natoka bima." Anajua jina la mama, anajua namba ya ile haisi, anajua hata mguu gani umevunjika. Mama akaona huyu kweli katumwa, maana angejuaje yote hayo? Mi namwambia kila mteja, kujua taarifa zako sio kitambulisho. Aliyekuwepo kwenye tukio anaweza kuziuza, aliyeona jina lako kwenye daftari lolote anaweza kuziuza, zinauzwa kwa hela ya vocha tu.

Basi yule kijana akamwambia mama kwa njia ya kawaida atasubiri mwaka mzima, ila yeye ana watu ndani, wiki chache tu hela imetoka, na kwa kuwa anamhurumia anampa sh. 250,000 papo hapo ya kujikimu. Mama ana siku tatu hajauza kitu, watoto nyumbani, alipokea. Akasaini karatasi tatu, moja ilikuwa haijaandikwa kitu, akaweka na dole gumba, akatoa picha ya kitambulisho cha NIDA, na PF3 na risiti zote za dawa akampa orijino.

Alipokuja kwetu na mwanae ilikuwa mwezi wa tano baada ya ajali, anatembea na magongo. Kwa muda wote huo kijana alikuwa kamwongeza sh. 400,000 tu, kila akipigiwa anasema "bado tunafuatilia mama", mwisho laini ikawa haipatikani. Tukatafuta gari lilikuwa na bima wapi, tukaenda naye mpaka kwenye kampuni husika, wakafungua faili lake mbele yetu. Limeshafungwa. Sh. 3,600,000 zilikuwa zimeshalipwa kwenye akaunti ya mtu mwingine, na mle ndani kuna barua ya mama ya kumruhusu huyo mtu apokee kwa niaba yake, na chini kabisa kuna dischaji vocha yenye sahihi yake na lile dole gumba. Mama aliitazama ile sahihi muda mrefu, akasema tu, "ni yangu". Yaani katika milioni 3 na laki 6 mkononi mwake imefika laki 6 na nusu.

Sasa hapa ndo nataka tuelewane vizuri, maana watu wengi wanadhani hasara ni ile asilimia anayokula kishoka. Hiyo ni hasara moja. Kubwa zaidi ni hiyo dischaji vocha. Hii ni karatasi ya kampuni inayosema nimepokea kiasi fulani, ni malipo kamili na ya mwisho, na sitadai tena kitu chochote kwa ajali hii. Ukishaisaini, kurudi nyuma ni kazi ngumu mno. Na yule mama aliisainishwa kabla daktari hajasema mguu utaishia wapi.

Mfupa wa ugoko uliowekewa chuma sio jambo la wiki sita. Unaweza kuunga vizuri, unaweza kuunga vibaya, unaweza kuchelewa, chuma kinaweza kuhitaji kutolewa kwa operesheni nyingine, goti linaweza kubaki gumu. Ndo maana kwenye madai ya kuumia kuna ripoti ya daktari inayoandikwa mwishoni, baada ya matibabu kufika mahali ambapo hali haibadiliki tena, na daktari anaandika kama kuna ulemavu wa kudumu na ni asilimia ngapi. Hiyo asilimia ndo inabeba sehemu kubwa ya fidia. Faili likifungwa bila hiyo ripoti, kampuni inalipa kwa inachokiona, yaani risiti za hospitali na mguu uliovunjika, basi. Kishoka hawezi kusubiri miezi sita au nane, yeye anataka mzunguko, kwa hiyo anakubali kiasi chochote cha haraka kitakachotajwa. Ile haraka anayokuuzia ni yake yeye. Yule mama sasa hivi daktari kamwambia lazima arudi tena chumba cha operesheni, na hela ya hiyo operesheni haipo popote kwenye lile faili.

Na hiyo "watu ndani" msiiamini kabisa. Madai yanachelewa kwa sababu zinazojulikana. Trafiki hajamaliza ripoti yake, mchoro wa eneo la ajali haujatoka, gari halijakaguliwa, kesi ya dereva iko mahakamani na kampuni inasubiri nakala ya hukumu, mwenye gari hajaitaarifu kampuni yake kwamba kulitokea ajali, au daktari hajaandika ripoti ya mwisho. Muda wa kampuni kulipa unahesabiwa nyaraka zikikamilika, sio tangu siku ya ajali. Sasa niambieni, katika hivyo vyote kishoka anaharakisha kipi? Mchoro wa trafiki hauchoreki haraka kwa sababu mtu kaleta maandazi wodini.

Kitu kingine wanachojidai wanakijua wao tu ni bima ya gari iko kampuni gani. Hiki unakijua mwenyewe kwa simu yako. Ingia hapa:

```
tiramis.tira.go.tz
```

Huo ni mfumo wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, unaingiza namba ya gari unaona kampuni iliyokata bima na tarehe inapoanza na inapoisha. Angalia tarehe kwa makini, unatafuta kama bima ilikuwa hai siku ya ajali, sio leo unapoangalia, maana kuna wenye magari wanakata bima kesho yake baada ya kugonga. Kwa hiyo pale barabarani, kama wewe huwezi, mwambie yeyote aliye karibu apige picha pleti namba ya gari. Abiria wa boda, abiria wa daladala, mtembea kwa miguu, wote mnaweza kudai kwenye bima ya gari lililosababisha, hata ile ndogo ya tathedipati ndo kazi yake, kulipa watu wengine walioumizwa. Kama gari halina bima hapo ni suala la kumdai mwenye gari na dereva mahakamani, na kishoka hapo humwoni tena.

Akija mtu wodini kwako au kwa ndugu yako, msigombane naye. Mwambieni aache namba na jina la ofisi yake, mtampigia. Akisema ni mtu wa kampuni ya bima, pigeni nyie kwenye kampuni kwa namba mliyoitafuta wenyewe, sio aliyowapa yeye, muulize kama wamemtuma. Akisema ni wakili, mawakili wapo kwenye mfumo wa Mahakama unaoitwa e-Wakili, jina lake litafutwe pale muone kama ana leseni hai. Wakili wa kweli kumtumia ni haki yako na kwa majeraha makubwa au kifo mi mwenyewe nashauri, lakini malipo yake mnakubaliana kwa maandishi na unabaki na kopi. Kishoka hataki kopi ibaki.

Na kama kweli hela inahitajika nyumbani, najua inahitajika, afadhali kukopa kwenye kikoba kuliko kupokea ile laki mbili na nusu, maana ile sio msaada, imeambatana na sahihi. Mahakamani madai ya kuumizwa yana miaka 3, kwa hiyo hakuna fidia itakayopotea kwa sababu hukusaini ukiwa na dripu mkononi. Kampuni itaarifiwe mapema, hiyo ndiyo, lakini kutaarifu na kusaini malipo ya mwisho ni vitu viwili tofauti kabisa. Siku ya kusaini ikifika, soma kiasi, soma jina la atakayelipwa, na akaunti iwe ya kwako mwenyewe.

Waliokwisha kusaini msikae kimya pia. Yule mama tulimwandikia barua ya malalamiko kwa kampuni tukaambatanisha maelezo ya daktari, kopi ikaenda TIRA, na polisi kafungua jalada la kuibiwa kwa njia ya udanganyifu. Kampuni imejibu kwamba ililipa kwa nyaraka zenye sahihi yake. Sasa tunapeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, hoja yetu kubwa ni kwamba alisainishwa akiwa wodini siku ya tatu, na karatasi moja ilikuwa tupu. Siwezi kumwahidi kitu na sijamwahidi.

Wanaotuuliza sisi tunapata nini, tunalipwa kamisheni na kampuni pale unapokata bima, kwenye fidia yako hatuna hata mia. Ofisi tunafungua saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni, Jumamosi mwisho saa 7 mchana. Mgonjwa hana haja ya kuja, ndugu mmoja anatosha, aje na namba ya gari, tarehe ya ajali na kopi za PF3 na risiti. Kopi tu. Orijino ziacheni nyumbani, hata sisi msituachie.