Nguzo ya "miaka 5 hadi 60" imewapotosha wasomaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie mchoro mliouchapisha kwenye ukurasa wa afya, ule wa wagonjwa wa nje kwa makundi ya umri. Ulikuwa na nguzo tano zenye upana mmoja. Nguzo ya miaka 5 hadi chini ya 60 ilizipita nyingine kwa mbali, na maelezo chini yake yakasema kuwa mzigo wa magonjwa sasa uko kwa vijana na watu wazima, watoto wana nafuu. Idadi zenyewe sina shaka nazo. Tatizo ni kwamba mchoro ulizisemea jambo ambalo hazikulisema.

Makundi hayo matano anayajua kila aliyewahi kujaza zahanati fomu za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya: chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1, mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, miaka 5 hadi chini ya miaka 60, na miaka 60 na kuendelea. Yamepangwa hivyo kwa ajili ya kazi. Mtoto mchanga ana hatari zake za pekee, na mtoto wa chini ya miaka 5 ana utaratibu wake wa msamaha wa kuchangia gharama, kama alivyo nao mzee wa miaka 60. Aliyeyapanga hakuwa anafikiria grafu. Kundi la kwanza lina upana wa mwezi mmoja tu, la nne lina miaka 55. Kundi lenye miaka 55 ya kukusanya watu litakuwa na watu wengi hata kama hakuna chochote cha ajabu kinachoendelea ndani yake.

Nitatumia mfano wa zahanati moja kwa mwaka mmoja. Namba nimezitunga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme watoto wa chini ya mwezi 1 walikuwa 20, wa mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1 walikuwa 330, wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 walikuwa 800, wa miaka 5 hadi chini ya 60 walikuwa 2,200, na wazee 350. Jumla ni 3,700. Ukizichora idadi hizi kama zilivyo, nguzo ya 2,200 inatawala ukurasa, na msomaji anaondoka na habari ileile mliyoichapisha.

Sasa ligaweni kundi hilo kubwa katika vikundi vya miaka mitano mitano: 5 hadi chini ya 10, 10 hadi chini ya 15, na kuendelea mpaka 60. Mtapata vikundi 11, na kwa wastani kila kimoja kitakuwa na wagonjwa 200. Nguzo iliyofika 2,200 imeporomoka hadi 200, na ile ya watoto wa mwaka 1 hadi chini ya 5, yenye 800, sasa ni mara nne yake. Hakuna mgonjwa aliyepona wala aliyeongezeka. Kilichobadilika ni mahali tulipopitisha kisu. Mchoro unaogeuza habari kwa sababu karani ameamua kukata makundi kwa namna nyingine hauwezi kuaminiwa kuwaeleza watu hali ya wagonjwa.

Dawa yake ni kugawanya idadi ya kila kundi kwa upana wa kundi hilo. Jibu linaitwa msongamano wa marudio, na linasomeka kama tunavyosoma msongamano wa watu mikoani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu takriban milioni 3.7 Mwanza na takriban milioni 3.4 Tabora. Idadi hazijaachana sana, lakini hakuna atakayesema mikoa hiyo imejaa sawasawa: nchi kavu ya Mwanza haifiki kilomita za mraba 10,000, ya Tabora inazidi 70,000. Kwa mikoa tunauliza kila kilomita ya mraba ina watu wangapi. Kwa wagonjwa wetu tuulize kila mwaka mmoja wa umri una wagonjwa wangapi.

Tukifanya hivyo kwa zahanati ya mfano, kundi la mwaka 1 hadi chini ya 5 lina wagonjwa 800 katika miaka 4, yaani 200 kwa kila mwaka wa umri. Kundi la miaka 5 hadi chini ya 60 lina 2,200 katika miaka 55, yaani 40 tu. Mkiligawa kundi hilo vikundi 11 vya miaka mitano kama tulivyofanya, 200 kwa 5 bado ni 40. Msongamano haukuyumba, na hapo ndipo uaminifu wake ulipo. Watoto wa chini ya mwaka mmoja, makundi yao mawili yakiunganishwa, ni 350 katika mwaka 1, kwa hiyo msongamano ni 350. Hao ndio waliojazana kwenye foleni ya zahanati kuliko ambavyo kundi la mwaka mmoja tu lingetegemewa, na ndio walioonekana wadogo kwenye mchoro wenu.

Hapo kwenye upana ndipo wengi wanapoteleza. Umri tunauhesabu kwa miaka iliyokwisha kutimia. Mtoto wa miaka minne na miezi kumi na moja bado anaandikwa 4. Kwa hiyo kundi linaloandikwa "1–4" linaanzia siku ya kutimiza mwaka mmoja na kuishia usiku wa kuamkia siku ya kutimiza mitano, na upana wake ni miaka 4. Anayetoa 1 kutoka 4 na kupata 3 anaupandisha msongamano hadi karibu 267, theluthi nzima juu ya ukweli. Kwa kundi la "5–59" kosa hilohilo halionekani sana, maana 54 na 55 zinakaribiana. Kwa hiyo kosa linayakuza makundi membamba tu, na mchoro unapinda upande wa pili.

Kuchora nako kuna utaratibu wake. Chukueni karatasi ya grafu. Mstari wa chini, sentimita 1 iwe miaka 5 ya umri. Mstari wa wima, sentimita 1 iwe wagonjwa 50 kwa kila mwaka wa umri. Nguzo ya miaka 5 hadi 60 itakuwa na upana wa sentimita 11 na kimo cha sentimita 0.8. Ya mwaka 1 hadi 5 itakuwa na upana wa sentimita 0.8 na kimo cha 4. Eneo la kwanza ni sentimita za mraba 8.8, la pili 3.2. Kila sentimita ya mraba inabeba wagonjwa 250, yaani 5 mara 50. Zidisheni: 8.8 mara 250 ni 2,200, na 3.2 mara 250 ni 800. Hakuna mgonjwa aliyefichwa. Wote wamo ndani ya eneo la nguzo, na kimo kinaonyesha walivyobanana. Hiyo pia ndiyo njia ya kuukagua mchoro wowote wa aina hii kabla haujaenda mtamboni: zidisha kimo kwa upana, uone kama idadi za awali zinarudi.

Wapo watakaosema basi tuweke upana sahihi lakini kimo kibaki idadi yenyewe. Hapo mambo yanaharibika zaidi, kwa sababu jicho la msomaji linapima wino wote, upana pamoja na kimo. Tukilifunga kundi la wazee liishie miaka 80, nguzo ya miaka 5 hadi 60 itachukua asilimia 92 ya wino wote, ilhali wagonjwa wake ni asilimia 59 hivi ya jumla. Watoto wa chini ya miaka 5, ambao ni asilimia 31 ya wagonjwa, hawatapata hata asilimia 3 ya wino. Upana umehesabiwa mara mbili: kwanza ulipokusanya watu wengi, kisha ulipotandazwa kwenye karatasi.

Nimewafunga wazee kwenye 80, na hilo lazima lisemwe wazi. "Miaka 60 na kuendelea" ni kundi lisilo na mwisho, na bila mwisho hakuna upana wa kugawanyia. Ukifunga kwenye 80, wagonjwa 350 wanatoa 17.5 kwa kila mwaka wa umri. Ukifunga kwenye 100, msongamano unashuka hadi 8.75, nusu kamili. Eneo ni lilelile, ila umbo limebadilika kwa uamuzi wa mchoraji, kwa hiyo uamuzi huo uandikwe chini ya mchoro. Watoto wachanga wana shida yao. Kwa kipimo nilichotumia, mwezi mmoja ni chini ya robo ya milimita, mwembamba kuliko mstari wa kalamu. Ndiyo maana niliwaunganisha na wenzao wa chini ya mwaka mmoja. Wanaotaka kuwaona wachanga peke yao wawachoree mchoro wao, wenye miezi kwenye mstari wa chini.

Msongamano nao una mipaka. Ile 40 ni wastani wa miaka 55. Inawezekana kabisa watoto wa miaka 6 ni wengi zaidi na vijana wa miaka 25 ni wachache, lakini fomu imewaweka kapu moja na mchoro hauwezi kuwatenganisha. Kadhalika, 200 dhidi ya 40 haimaanishi kwamba mtoto ana hatari mara tano ya kuugua. Watoto wenyewe ni wengi katika nchi yetu, na anayetaka kuzungumzia hatari lazima agawanye wagonjwa kwa idadi ya watu wa umri huo waliopo katika eneo la zahanati. Mchoro wa msongamano unajibu swali moja: wagonjwa waliofika wamejazana umri gani.

Najua programu za kompyuta zinachangia. Ukiipa Excel majina matano ya makundi na idadi tano, na ukaagiza chati ya nguzo, itakupa nguzo tano zenye upana sawa bila kuuliza mwezi mmoja na miaka 55 vimelinganaje, kwa sababu kwake hayo ni majina tu. Mchoraji wenu anaweza kugawanya mwenyewe kwanza, kisha akaandika kando ya mstari wa wima "wagonjwa kwa kila mwaka mmoja wa umri". Ikiwa nafasi ya ukurasa haitoshi kwa nguzo zenye upana wa kweli, chapisheni jedwali lenye safu tatu: kundi, idadi na msongamano.

Kwa sababu maelezo yaliyoambatana na mchoro huo yalidai watoto wana nafuu, naomba takwimu zilezile zichapishwe upya kwa namna hii, na dai hilo lirekebishwe endapo hesabu itakataa kuliunga mkono.

Mwalimu wa hisabati,
Morogoro