Tusimlaumu mtoto asiyengoja

Mhariri,

Makala yenu iliwashauri wazazi wapime nidhamu ya mtoto kwa peremende: akingoja bila kula ya kwanza ili apate ya pili, atafaulu maishani. Jaribio hilo la mwanasaikolojia Walter Mischel, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford, limechunguzwa upya, na wasomaji wenu wanastahili kujua yaliyopatikana.

Mwaka wa 2013, Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwapa watoto 28 kalamu za rangi zilizochakaa, wakaahidi kuleta nzuri zaidi. Nusu yao waliletewa. Wengine waliombwa radhi kwamba hazipo. Ikawa vivyo hivyo kwa vibandiko. Ndipo kila mtoto akawekewa peremende moja, akaahidiwa ya pili akiweza kungoja dakika 15 bila kuila. Kati ya 14 waliotimiziwa ahadi, 9 walingoja hadi mwisho. Kati ya 14 waliovunjiwa ahadi, ni mmoja tu. Jaribio ni dogo, wala halifuti thamani ya kujizuia, lakini mtoto aliyekula upesi huenda alipiga hesabu sahihi kuhusu mtu mzima aliye mbele yake.

Hapa Kisumu, mtoto anayeahidiwa uji shuleni kisha anakosa wiki nzima ana sababu ya kula alichonacho sasa. Naomba walimu wa chekechea waache kumwandikia mtoto kama huyo kwamba hana nidhamu kabla ya kuuliza ni ahadi zipi alizovunjiwa. Nasi wazazi tusiahidi tusichoweza kuleta.

Mzazi,
Nyalenda, Kisumu