Hizo rangi kwenye ripoti yako ya wageni zinasemaje?

Wenye nyumba za wageni wa Shela na Lamu mjini tunaowachambulia hojaji hawapati taabu na kurasa za mwanzo za ripoti. Wageni wangapi walijibu, wametoka wapi, wastani wa alama ni ngapi: hayo yanasomeka. Simu huanza kuingia wakifika kwenye ule ukurasa wa miraba ya rangi. Wa kwanza huuliza kwa nini nyumba yake ina nyekundu nyingi, kana kwamba ameandikiwa madeni.

Nyekundu hapo si hatari. Jedwali lile linachukua kila swali la hojaji na kulipima na kila swali jingine, na jibu la kila kipimo ni namba moja kati ya -1 na 1. Ikiwa mgeni anayetoa alama ya juu kwenye swali moja kwa kawaida hutoa ya juu pia kwenye la pili, namba husogea kuelekea 1 na mraba huwa mwekundu. Ikiwa moja likipanda jingine hushuka, namba huelekea -1 na mraba huwa wa buluu. Karibu na sifuri mraba hubaki mweupe: ukijua jibu la swali moja, hujapata fununu ya maana kuhusu la pili.

Huu hapa mfano. Namba tumezitunga wenyewe, maana za wateja ni siri yao, lakini sura yake ni ile tunayokutana nayo. Chukulia wageni 60 waliojibu kwa alama 1 hadi 5. «Joto» ni kiasi ambacho joto la chumbani liliwakera, na «Kurudi» ni kama wangependa kuja tena.

| | Mapokezi | Watumishi | Usingizi | Joto | Mashua |
|---|---|---|---|---|---|
| Watumishi | 0.81 | | | | |
| Usingizi | 0.22 | 0.26 | | | |
| Joto | -0.08 | -0.11 | -0.35 | | |
| Mashua | 0.15 | 0.19 | 0.05 | 0.46 | |
| Kurudi | 0.31 | 0.34 | 0.62 | -0.12 | 0.28 |

Jicho hukimbilia 0.81 kwanza, na hiyo ndiyo isiyo na habari. Mapokezi na watumishi ni karibu swali lile lile lililoulizwa mara mbili. Kijana aliyempokea mgeni gatini ndiye aliyemletea chai asubuhi, basi mgeni anampa alama zile zile kotekote. Mraba mwekundu sana wa namna hii unakwambia ufute swali moja, hojaji iwe fupi.

Habari iko kwenye 0.62, usingizi na kurudi. Wageni waliolala vizuri ndio hasa waliosema watarudi. Hiyo 0.62 isisomwe kama asilimia 62 ya wageni. Ni kipimo cha jinsi majibu mawili yanavyofuatana, hakihesabu watu. Halafu tunajiuliza: je, si mgeni mchangamfu tu ambaye hugawa alama za juu kwa kila kitu? Angalia namba nyingine za usingizi. Na mapokezi ni 0.22 tu, na mashua ni 0.05. Kama ingekuwa ukarimu wa mgeni, namba hizo nazo zingepanda. Kwa hiyo usingizi unastahili kufuatiliwa: godoro, chandarua, jenereta ya jirani, punda wanaolia alfajiri chini ya dirisha. Jedwali halijathibitisha kwamba ukibadilisha magodoro wageni watarudi. Limekuonyesha pa kujaribu kwanza, na jaribio lenyewe ni vyumba viwili vya godoro jipya na hojaji ile ile.

Sasa njoo kwenye 0.46, joto na mashua. Ukiisoma ilivyo, inasema wageni waliokerwa zaidi na joto ndio waliofurahia zaidi safari ya mashua ya Manda Toto. Mtu wa haraka angetafuta sababu, aseme labda waliolala kwenye joto walikwenda kupunga upepo baharini. Mtu wa Lamu anajua jibu bila kompyuta. Wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Januari hadi Machi, joto ni kali na bahari imetulia. Kusi kikishika, vyumba hupoa na mawimbi huwatapisha wageni njiani. Msimu ndio unaosukuma majibu yote mawili, na msimu haumo kwenye jedwali.

Hilo hupimika. Tunaligawa faili mara mbili kwa tarehe ya kulala. Katika mfano wetu wageni 34 wa kaskazi wanatoa 0.09 na 26 wa kusi wanatoa -0.04, yaani ule wekundu umefutika. Ndiyo maana tunasisitiza kila hojaji iandikwe tarehe. Bila tarehe hatuna pa kukata.

Namba ndogo zina kikomo chake. Kwa majibu 60, chochote kilicho kati ya -0.25 na 0.25 kinaweza kuwa bahati tu, hatukijengei hoja. Kwa majibu 30 kikomo hicho hupanda hadi kama 0.36. Wenye vyumba vinne au vitano ni bora wangoje majibu yaongezeke kuliko kutulipa mapema.

Swali la usafi hulioni kwenye mfano, na tuliliacha makusudi. Karibu kila mgeni alitoa 5. Swali ambalo watu wote wanalijibu sawasawa haliwezi kufuatana na lolote, kwa hiyo miraba yake hutoka myeupe. Asije mtu akasema usafi hauwaathiri wageni akapunguza mfanyakazi. Weupe ule unatokana na usafi kuwa mzuri kila siku. Siku ukiharibika, rangi zitakuja zenyewe.

Kwa anayetaka kujaribu nyumbani, Excel inatosha. Majibu ya swali moja yakiwa safu B na ya jingine safu C, andika:

```
=CORREL(B2:B61,C2:C61)
```

Kwa kuwa alama 1 hadi 5 ni ngazi tu, sisi huzipanga kwanza kwa nafasi kwa `RANK.AVG` ndipo tupime nafasi hizo. Ndiyo njia ya Spearman. Kinachoharibu kazi za watu wengi ni vitu viwili. Cha kwanza ni kuandika 9 au 99 pale mgeni alipoacha wazi. Kompyuta huiona ni alama kubwa mno, na kwa kuwa aliyeruka swali moja mara nyingi huruka na la pili, unapata uhusiano mkali ambao haupo. Acha kisanduku kitupu, na kwenye safu ya nafasi pia, maana `RANK.AVG` ya kisanduku kitupu hutoa kosa.

Cha pili ni rangi. Excel ukiichagulia rangi tatu, yenyewe huweka rangi ya katikati kwenye namba ya katikati ya zile ulizo nazo, si kwenye sifuri. Hapo 0.20 inaweza kuonekana buluu kana kwamba ni kinyume. Ingia `Conditional Formatting`, na kwenye `Minimum`, `Midpoint` na `Maximum` chagua `Number`, kisha weka -1, 0 na 1. Rangi za kijani na nyekundu pamoja tunaziepuka, kwa sababu wako wanaume wasiozitofautisha.

Ukituletea karatasi za hojaji, hata zilizolowa chai, tunaziingiza wenyewe. Tunachoomba ni tarehe ya kulala kwenye kila moja na namba ya chumba. Jina la mgeni likate kabla hujaleta.