Fomu ya Leseni ya Udereva: Kwa Nini Tunakutaka Uje Mwenyewe

Karibu kila wiki, simu ya saiba yetu hapa Lurambi, Kakamega, hupokea picha ya kitambulisho kupitia WhatsApp na ujumbe mfupi chini yake: "Nijazie PDL, nitatuma pesa." Jibu letu huwa lile lile. Tunakuomba uje. Wengine hukasirika, kwa sababu cheti cha KRA tuliwatolea wakiwa shambani, na hata usajili wa NHIF enzi hizo tuliwafanyia bila kuwaona. Leseni ya udereva ni tofauti, na tunataka kueleza tofauti hiyo iko wapi.

Katikati ya fomu ya PDL, yaani leseni ya muda ya mwanafunzi wa udereva, kuna maswali kuhusu afya yako. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka mwombaji atamke mwenyewe kama ana ugonjwa au ulemavu unaoweza kuufanya uendeshaji wake uwe hatari kwa watu wengine. Anayebonyeza "Yes" au "No" kwenye skrini anatoa tamko kwa jina lako na nambari ya kitambulisho chako. Sisi hatujui kama huwa unazimia. Hatujui macho yako yanaona hadi wapi. Tukikujazia ukiwa Mumias, tutakuwa tumekisia, na kutoa maelezo ya uongo ili upate leseni ni kosa litakalokuandama wewe, si saiba.

Miezi kadhaa iliyopita mwalimu mmoja mstaafu kutoka Butere aliletwa na binti yake. Mume wa mwalimu alifariki akaacha pikapu, nao wamechoka kuikodishia dereva kila siku ya soko. Binti alikuwa na haraka, akataka tumalize kabla matatu ya kurudi haijajaa.

Kwanza tuliingia kwenye akaunti ya eCitizen. Hapa ndipo wengi hukwama kabla hata ya kufika kwenye leseni, kwa sababu akaunti ilifunguliwa zamani na mtu mwingine, akaweka nambari yake ya simu. Ukiandika nywila, msimbo wa kuthibitisha unaenda kwenye simu ya mtu usiyemjua. Tumeona mama akilia hapa mlangoni kwa ajili ya jambo hilo: aliyemfungulia akaunti alishahama mji, na simu haipatikani. Ikikutokea, usifungue akaunti ya pili, kwa sababu mfumo unakutambua kwa kitambulisho kimoja. Nenda Huduma Centre ukiwa na kitambulisho halisi, ueleze kwamba nambari iliyosajiliwa si yako. Mwalimu, kwa bahati nzuri, alikuwa na nambari yake mwenyewe tangu alipokuwa akishughulikia pensheni.

Kutoka eCitizen unachagua NTSA, na unapelekwa kwenye serviceportal.ntsa.go.ke. Majina yanajijaza yenyewe kutoka kwenye rekodi ya kitambulisho. Yasome herufi kwa herufi. Kama kitambulisho kina kosa, hapa si mahali pa kulirekebisha.

Kisha daraja la gari. Binti alisema tuchague B1 kwa kuwa ni rahisi. B1 ni gari dogo la otomatiki pekee, na ile pikapu ya marehemu ni ya gia za mkono, kwa hiyo mwalimu angefaulu mtihani na bado asiruhusiwe kuliendesha gari lililomleta kwetu. Tukachagua B2. Vijana wa bodaboda nao hukosea vivyo hivyo: huchagua A2, ambayo ni pikipiki ya mtu binafsi, ilhali anayebeba abiria au mizigo kwa malipo, na mwenye tuktuk, wanahitaji A3. Kosa hili halionekani siku ya kujaza. Linaonekana siku askari anapoisoma kadi yako barabarani.

Tulipofika kwenye maswali ya afya, tuligeuza skrini imwelekee mwalimu. Huo ndio utaratibu wetu: wewe unasoma, au tunakusomea kwa Kiswahili, wewe unajibu, na kidole kinachobonyeza ni chako.

Swali la macho alilijibu upesi. "Nina miwani, naona vizuri." Tukamwuliza miwani hiyo ni ya nini. Ya kusomea, akasema, aliinunua sokoni. Miwani ya kusomea husaidia kitu kilicho karibu, ila dereva anahitaji kuona mbali. Kwa hiyo tukatoka naye nje hadi kando ya barabara, tukamwonyesha matatu iliyokuwa imesimama ng'ambo, kama hatua thelathini hivi, tukamwomba asome nambari ya gari. Akasoma K. Akanyamaza. Akasema C, kisha akasema labda ni G. Akavua miwani, akajaribu tena, ikawa ile ile. Binti yake, aliyekuwa akitazama saa muda wote, aliiweka simu mfukoni.

Hicho si kipimo cha daktari, wala hatukidai kuwa ndicho. Ni njia yetu ya kukuonyesha, kabla hujalipa, kwamba swali lile ni la kweli na jibu lako linaweza kuwa tofauti na unavyodhani. Macho huzeeka polepole sana, na mwenye nayo huwa wa mwisho kujua.

Swali jingine lilikuwa kuhusu kuzimia na kupoteza fahamu ghafla. Mwalimu ana sukari, anameza vidonge, na hajawahi kuanguka. Alitaka kujua kama aseme ana ugonjwa. Tulimwambia asome swali lilivyoandikwa, ajibu kile kinachoulizwa, lakini kwanza amwulize daktari wake, kwa sababu baadhi ya dawa za sukari, hasa insulini, zinaweza kuishusha sukari mno. Mtu hutoka jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, na akiwa kwenye usukani hana muda wa kutafuta soda. Daktari ndiye anayejua kama dawa zake ni za aina hiyo.

Basi hatukulipa siku hiyo. Fomu ambayo haijalipiwa haijakugharimu kitu. Mwalimu alienda hospitali ya macho ya Sabatia, kule Vihiga, akapimwa na kupewa miwani ya kuonea mbali. Kliniki anakochukulia dawa ilimwandikia barua fupi kwamba sukari yake imedhibitiwa na hajapata vipindi vya kuzimia. Wiki mbili baadaye alirudi, akasimama pale pale kando ya barabara na kusoma nambari ya tuktuk iliyokuwa ikitembea. Alijibu maswali yote kwa sauti, barua akaiweka kwenye faili lake.

Kuhusu kifafa tutasema waziwazi, kwa kuwa ndilo swali ambalo watu hulificha zaidi. Kijana mmoja wa bodaboda alikuja na kaka yake, na kaka ndiye aliyekuwa akijibu. Tulipofika hapo, kaka alisema "hapana" na kijana akainamisha kichwa. Tulisimamisha fomu, tukamwomba kaka atupishe kidogo. Kijana alikuwa akimeza dawa za kifafa tangu shule ya msingi, na miezi ya karibuni alikuwa ameziacha. Hatukumjazia, na hatutamjazia mpaka daktari aseme neno. Pikipiki hubeba watu wawili na watatu, na barabara ya Kakamega kwenda Kisumu ina malori. Ukiwa na hali kama hiyo, njoo tuzungumze faraghani. Hatutamwambia mtu yeyote, lakini pia hatutabonyeza "No" kwa niaba yako.

Malipo hufanywa kwa paybill ya serikali, 222222, na nambari ya akaunti ni ile inayoonekana kwenye ankara yako ya eCitizen. Ukiambiwa ulipe kwenye nambari ya simu ya mtu binafsi, usikubali. Ada yetu ya kujaza fomu unatulipa sisi kando, na tunakupa risiti yake.

Sasa mtihani. Watu hudhani kuweka nafasi ya mtihani ni kuchagua tarehe tu. Sisi huanza na karatasi ya PDL: tunatafuta tarehe inapoisha, kisha tunaihesabu kurudi nyuma. Mwalimu alianza masomo kwa kuchelewa kwa sababu ya matanga nyumbani. Shule yake ya udereva ilipomwambia yuko tayari, nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa Jumanne, na PDL yake ilikuwa inaisha Ijumaa ya wiki iliyotangulia. Angekwenda Jumanne ile angerudishwa, na pesa za mtihani zingekuwa zimelipwa bure. Tukaanza na PDL mpya, kisha tukalipia nafasi ya mtihani. Afadhali kuongeza ada ndogo ya PDL kuliko kupoteza ada ya mtihani pamoja na nauli na siku nzima.

Kituo nacho kichague kwa akili. Kilicho karibu na kwako si lazima kiwe karibu na shule yako, na gari utakalofanyia mtihani kwa kawaida ni la shule. Mwulize mwalimu wa udereva atapeleka wanafunzi wapi na siku gani, ndipo uje tuweke nafasi hiyo hiyo. Na nafasi haiwi yako mpaka ankara isome kwamba imelipwa. Tumeona mtu akichagua tarehe asubuhi, akaenda kutafuta pesa, na kurudi jioni akakuta imejaa. Ukifeli, utaweka nafasi nyingine na kulipa upya, kwa hiyo usiharakishe kuja kwetu kabla mwalimu wako hajaridhika na jinsi unavyojieleza kwenye ile bodi ya mji wa mfano. Wengi huangukia pale, hata wanaoendesha vizuri.

Asubuhi ya mtihani beba kitambulisho halisi, PDL na karatasi ya nafasi ya mtihani. Tunakuchapishia zote mbili hapa. Kama ulitamka kwamba unavaa miwani, ivae tangu unapotoka nyumbani.

Ukifaulu, rudi tuombe leseni yenyewe. Hatua hiyo ni fupi, ila ukiulizwa kundi la damu usikisie, kwa kuwa huandikwa kwenye kadi. Pimwa kwanza katika zahanati yoyote, utuletee karatasi.

Kwa siku ya kwanza, njoo na kitambulisho, PIN ya KRA, simu iliyosajiliwa kwenye eCitizen ikiwa na chaji, na miwani yako kama unayo. Wenye maswali ya afya ambayo hawataki yasikike foleni ikiwa ndefu, waje baada ya saa kumi jioni. Wakati huo huwa tumebaki wawili tu dukani, na mlango unaweza kufungwa.