Alamu Ilizima Kabla ya Wezi Kuingia: Barua ya Kuomba Bima Ilegeze Sharti

Wateja wetu wengi hapa Kisumu hulikuta sharti la alamu katika bima yao ya wizi baada ya kuibiwa. Kwa kawaida sharti hilo hutaka alamu iwe nzima, ifanyiwe matengenezo kwa mkataba, iwashwe kila duka linapofungwa, na hitilafu iripotiwe mara moja. Likivunjwa, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa hata kama kosa si lako. Ndiyo maana tunashauri barua isibishane kwamba sharti halikuvunjwa. Iombe lilegezwe kwa wizi huo mmoja, kisha ionyeshe sababu.

Tuchukue mfano wa duka la simu pale Oginga Odinga. Mwenye duka anafunga na kuwasha alamu, usiku stima inapotea, betri ya akiba inazima, na saa tisa wezi wanakata kufuli. King'ora hakilii. Ushahidi umo ndani ya paneli ya alamu, kwenye kumbukumbu ya matukio: alamu iliwashwa 19:42, `AC LOSS`, yaani stima kupotea, 23:10, na `LOW BATT`, yaani betri kuishiwa nguvu, 23:31. Mwambie fundi aitoe kumbukumbu hiyo kabla hajatengeneza chochote, kwa maana matukio mapya hufuta ya zamani.

Betri nayo usiitupe. Betri ya volti 12 iliyochoka huweza kusoma volti 12 na ushee ikiwa haina mzigo, kisha ikaporomoka ghafla inapoachiwa mfumo wote. Stima ikiwepo, taa ya paneli huenda ikabaki kijani. Fundi akiipima ikiwa na mzigo na kuliandika hilo, utakuwa na msingi wa kusema hukuwa na njia ya kujua.

Kiini cha barua kinaweza kusomeka hivi:

"Nakiri kwamba alamu haikufanya kazi usiku wa wizi. Niliiwasha nilipofunga, mkataba wa matengenezo ulikuwa hai, na hitilafu ilitokea baada ya mimi kuondoka, bila dalili niliyoweza kuiona. Naomba mlegeze sharti la alamu kwa dai hili pekee. Ombi hili haliondoi haki zangu nyingine chini ya bima."

Ambatisha kumbukumbu ya paneli, ripoti ya fundi, risiti za matengenezo na abstrakti ya polisi. Picha za kufuli iliyokatwa ni za lazima, kwani bima ya wizi hutaka dalili za kuvunja kwa nguvu.

Kama kumbukumbu inaonyesha `LOW BATT` wiki mbili mfululizo, ombi lako ni dhaifu, na kuificha ni kujiharibia zaidi: mkaguzi wa hasara ataifungua paneli hiyo hiyo. Hapo eleza ulimpigia fundi lini, kama kweli ulimpigia, na uombe walau sehemu ya fidia kwa hisani.

Dai jibu kwa maandishi. Ahadi ya simu ya "tutaangalia" haijalegeza chochote, na wakikataa, maandishi hayo ndiyo utakayopeleka kwa IRA, mamlaka ya kusimamia bima, pamoja na malalamiko yako.