Jibu la likizo si stakabadhi ya barua pepe

Ndugu Mhariri,

Ofisi nyingi siku hizi zina anwani moja ya barua pepe ya kupokelea shida za wateja, na watumishi watatu au wanne huifungua kwa zamu. Mteja akiandika hujibiwa papo hapo: "Tumepokea barua yako, tutakujibu hivi karibuni." Naomba nafasi nieleze kwa nini jibu la namna hiyo linamwacha mteja pale pale alipokuwa, na linavyoweza kutengenezwa likawa stakabadhi ya kweli.

Tatizo huanzia kwenye chombo kinachotumika. Mara nyingi jibu hilo limewekwa kwa kutumia kipengele cha likizo, kile cha kuwaarifu watu kwamba umesafiri. Kipengele hicho hakimjibu mtu yule yule kila anapoandika. Gmail humtumia jibu mara moja tu katika siku 4, na mifumo mingine humjibu mara moja tu mpaka kipengele kizimwe na kuwashwa upya. Chukua dawati la kompyuta la chuo. Mwanafunzi anaandika Jumatatu kwamba nywila yake imekataa, na anajibiwa. Jumanne anaandika kuhusu ada aliyolipa isiyoonekana kwenye mfumo, na safari hii hapati kitu. Ataamini barua imepotea, aandike tena na tena, na kila nakala iokotwe na mtumishi mwingine asiyejua kwamba mwenzake ameshaanza kuishughulikia.

Kinachohitajika ni mfumo wa tiketi. Programu za namna hiyo kama osTicket, Zammad na FreeScout ni za chanzo huria, na ofisi inaweza kuzisimika kwenye seva yake yenyewe. Hapo kila shida mpya hupewa namba yake, na jibu la kupokea hutoka kwa kila shida, si kwa kila mtu.

Namba hiyo ikae mwanzoni mwa kichwa cha barua, kwa mfano [#48213], kwa sababu skrini ya simu hukata mwisho wa kichwa kirefu. Iwe tarakimu tupu pia. Siku mteja atakapoisoma kwa simu, herufi O na sifuri zitachanganywa tu. Mteja akibonyeza "Jibu", programu yake ya barua hutia alama zilizofichika, In-Reply-To na References, na mfumo huzitumia kuunganisha jibu na tiketi yake hata kama kichwa kimebadilishwa. Akifungua barua mpya kabisa, alama hizo hazipo, inabaki namba peke yake. Kwa hiyo mwombeni aiandike, na mfumo ukague pia anwani anayotumia. Namba zinafuatana. Mtu wa nje akibahatisha 48214 asije akaingiza maneno yake kwenye shauri la mwingine.

Muda wa kujibu ndio unaoleta manung'uniko mengi, na hapa naomba niende polepole. Tuseme dawati linafunga saa 9:30 alasiri, na linaahidi kujibu ndani ya siku moja ya kazi. Barua inaingia Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2026, saa 9:50 alasiri. Jibu likisema "ndani ya saa 24", mwanafunzi ataanza kuangalia simu Ijumaa alasiri. Lakini Ijumaa hiyo ni Ijumaa Kuu, kisha inafuata wikiendi, Jumatatu ni Jumatatu ya Pasaka, na Jumanne tarehe 7 ni Siku ya Karume. Siku ya kazi inayofuata kwa Tanzania ni Jumatano tarehe 8. Mfumo uliopewa saa za kazi na orodha ya sikukuu utaandika wenyewe: "Utajibiwa kabla ya Jumatano 8 Aprili, saa 9:30 alasiri." Idd haiwezi kuingizwa kwa uhakika mwaka mzima kabla, kwa kuwa inategemea mwandamo wa mwezi. Lazima mtu mmoja apewe kazi ya kuirekebisha.

Kuna mtego mwingine hapo. Kompyuta ikiachiwa kuandika saa kwa mtindo wake itatoa 09:30 ikimaanisha asubuhi, na msomaji wa Kiswahili ataisoma saa tisa na nusu. Ni tofauti ya saa sita kamili. Kiolezo cha Kiswahili kigeuze saa, na neno asubuhi au alasiri lisikosekane.

Njia ya dharura isiwe "andika DHARURA kwenye kichwa". Barua hiyo itaingia kwenye kikasha kile kile ambacho usiku hakuna anayekifungua, na baada ya mwezi kila barua itakuwa dharura. Iwe simu ya zamu, inayokaa mkononi mwa mtu, na jibu litaje bila kificho ni mambo gani yanapigiwa simu na kwa saa zipi. Kama usiku hakuna anayepokea, semeni hivyo. Kiolezo ninachopendekeza ni hiki:

"[#48213] Tumepokea barua yako kuhusu: Nywila imekataa. Utajibiwa kabla ya Jumatano 8 Aprili, saa 9:30 alasiri. Ukiwa na nyongeza, jibu barua hii hii. Kama mtihani wako wa mtandaoni unaanza ndani ya saa 24, au unahisi mtu ameingia kwenye akaunti yako, usingoje barua: piga simu ya zamu [namba], saa 1 asubuhi hadi saa 3 usiku kila siku, utaje namba hii. Hatutakuomba nywila wala PIN."

Maelezo ya mteja yasirudishwe ndani ya jibu. Mhalifu anaweza kuandika kwa kughushi anwani ya mtu mwingine, na ofisi ikajikuta inamfikishia mtu huyo matangazo ya kitapeli kwa jina la ofisi. Kichwa chenyewe kifupishwe na viungo viondolewe. Kichujio cha barua taka nacho kifanye kazi kabla ya jibu kutoka, si baada yake.

Ule ukomo wa siku 4 haukuwekwa bure. Unazuia mashine mbili kujibizana. Ukihamia kwenye tiketi umeuondoa, na barua ya likizo ya mteja ikijibu stakabadhi yako, mfumo unaweza kuifungulia tiketi mpya, ukatuma stakabadhi nyingine, ikajibiwa tena, hadi asubuhi. Dalili yake ni tiketi zenye namba zinazofuatana, kutoka anwani moja, zikipishana kwa sekunde chache. Kinga yake imeelezwa katika waraka wa viwango vya intaneti, RFC 3834 ya mwaka 2004. Stakabadhi itoke na alama ya kwanza kati ya hizi. Ya pili iongezwe kwa kuwa inafahamika na seva za barua za Microsoft Exchange:

```
Auto-Submitted: auto-replied
X-Auto-Response-Suppress: All
```

Mfumo nao usitume stakabadhi kwa barua yoyote yenye Auto-Submitted isiyo "no", wala yenye List-Id, alama ya barua za orodha ya watu wengi, wala iliyokuja na Return-Path, yaani anwani ya kurudishia barua, iliyo tupu (<>). Barua inayoingia kwenye tiketi iliyopo isipewe stakabadhi mpya. Baadhi ya mashine hazitii alama hizo, kwa hiyo ongezeni kikomo, mathalani stakabadhi 5 kwa anwani moja ndani ya saa moja. Zikizidi, tiketi ifunguliwe kimya na msimamizi aarifiwe.

Kabla ya kuwasha, tumieni anwani ya nje ya ofisi. Tumeni shida mbili tofauti siku moja na mhakikishe zimerudi namba mbili. Jibuni ya kwanza baada ya kubadilisha kichwa chake, muone kama imeingia kwenye tiketi ile ile. Washeni jibu la likizo kwenye anwani hiyo, mtume tena, na msubiri dakika kumi mkihesabu tiketi. Kisha pigeni simu ya zamu Jumapili jioni.

Msomaji wako,
Msimamizi wa dawati la huduma,
Dodoma